Dole Gumba Likiwaka Moto Usiku: Jongo, Dawa Zake na Sahani Yako

Jongo, ambalo wengi siku hizi huliita gauti, lina desturi ya kuja usiku. Mtu hulala mzima, akaamshwa saa nane au saa tisa na maumivu ya dole gumba la mguu ambayo hajawahi kuyaonja. Kukicha, kiungo kile ambapo dole hukutana na mguu kimevimba, ngozi imewamba na kung'aa, na ukisogeza kiganja karibu unasikia joto hata kabla ya kugusa. Shuka likipita juu yake, mtu hupiga kelele. Kiatu hakiingii, na kwenda chooni ni kwa kuburuta mguu.

Kama hayo ndiyo yaliyokupata leo, soma kwanza sehemu inayofuata kabla ya kumeza chochote. Yapo maradhi mengine yanayofanana na jongo, na mojawapo halisubiri hadi wiki ijayo.

Ni jongo au ni kitu kingine?

Dalili ya kwanza ya kupima ni mwendo wa maumivu. Jongo hupanda haraka mno: kutoka hakuna kitu hadi kilele chake ni chini ya saa 24, mara nyingi saa 12 tu. Maumivu yaliyoanza kidogo kidogo tangu mwezi jana na kuongezeka kila ukivaa viatu vya kubana si tabia yake. Ya pili ni mahali. Takribani nusu ya watu wanaopata jongo kwa mara ya kwanza huanzia kwenye kiungo cha shina la dole gumba. Wengine huanzia kwenye kifundo cha mguu, goti au juu ya unyayo, lakini kwa kawaida ni kiungo kimoja tu. Bonyeza taratibu. Kama uchungu uko pembeni mwa ukucha, na nyama ya pale imetuna au inatoa usaha, huo ni ukucha ulioota kuingia ndani ya nyama, na tiba yake ni nyingine kabisa.

Ya tatu ni wewe mwenyewe. Jongo huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 40. Wanawake hulipata kwa nadra kabla ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni zao huzisaidia figo kutoa asidi ya yuriki, na kinga hiyo hupungua baadaye. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 28 mwenye dole lililovimba asikubali haraka kuambiwa ni jongo. Ahakikishe ametafutiwa sababu nyingine kwanza. Presha ya kupanda, unene, ugonjwa wa figo, kisukari, na baba au kaka mwenye jongo, vyote hivyo huongeza uwezekano.

Kujikwaa nako huchanganya watu. Mtu huligonga dole kwenye kizingiti mchana, usiku linawaka, naye anasema ni teke lile. Inawezekana ameumia kweli, lakini pigo dogo pia linaweza kuamsha jongo lililokuwa limelala ndani ya kiungo. Kama maumivu ni makubwa kuliko pigo lenyewe, fikiria jongo.

Sasa lile lisilosubiri. Kiungo kikiingiwa na bakteria huwa chekundu, cha moto na chenye uchungu vilevile, na bakteria hao wanaweza kuharibu gegedu la kiungo ndani ya siku chache. Nenda hospitali leo hii, hata kama ni Jumapili, ikiwa una homa kali au unatetemeka kwa baridi, ikiwa kuna kidonda au mkwaruzo karibu na uvimbe, ikiwa wekundu unapanda mguuni kama mstari, au ikiwa una kisukari au kinga yako ya mwili iko chini. Jongo lenyewe linaweza kuleta homa ndogo, kwa hiyo homa peke yake haikati shauri. Lakini ni afadhali daktari aingize sindano kiungoni, avute maji kidogo na kuyapima, kuliko kukisia. Maji hayo yakitazamwa kwa hadubini maalumu huonyesha fuwele za jongo zenye umbo la sindano, na yakioteshwa maabara huonyesha bakteria kama wapo. Hicho ndicho kipimo chenye kauli ya mwisho. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu ana hatari ya ziada: kidole chake kinaweza kuoza huku yeye akisikia maumivu madogo tu, kwa hiyo asitumie ukali wa maumivu kama kipimo.

Kwa nini dole gumba, na kwa nini usiku

Mwili hutengeneza asidi ya yuriki kila siku unapovunja vitu viitwavyo purini. Sehemu kubwa ya purini hizo hutoka katika chembe zetu wenyewe zinazokufa na kufanywa upya, na sehemu ndogo hutoka kwenye chakula. Figo hutoa kama theluthi mbili ya asidi hiyo kwa mkojo, na inayobaki hutoka kupitia utumbo. Kwa wagonjwa wengi wa jongo, tatizo kubwa ni kwamba figo zao huitoa polepole, tena kwa kurithi. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewaona watu wakisimangwa na jamaa zao kwa ulafi ambao hawana.

Damu ina kiwango chake cha kubeba asidi hiyo, kama miligramu 6.8 kwa kila desilita. Ikizidi hapo, ziada huanza kuganda kuwa fuwele, hasa mahali penye baridi. Ndivyo sukari inavyotuama chini ya kikombe cha chai iliyotiwa sukari nyingi ikaachwa ipoe. Dole gumba liko mbali na moyo, ni la baridi kuliko sehemu nyingine za mwili, nalo hubeba uzito wako kutwa nzima. Usiku mguu hupoa zaidi, na maji yaliyokuwa yamekusanyika kiungoni hunyonywa kurudi mwilini, asidi ikabaki nzito pale pale. Fuwele zinaweza kukaa miaka bila kelele. Siku askari wa kinga ya mwili wanapozigundua na kuzishambulia, vita hiyo ndiyo moto unaousikia.

Ukielewa hivyo utaelewa pia jambo linalowashangaza wengi: asidi ikishuka ghafla, jongo nalo huamka, kwa sababu fuwele zilizoanza kuyeyuka hulegea na kuonekana na askari hao. Tutalirudia hili kwenye dawa.

Saa 24 za kwanza

Weka mguu juu ya mto au godoro lililokunjwa, uwe juu kuliko nyonga yako. Usifunike dole. Kama shuka linakutesa, weka ndoo ya plastiki au boksi tupu pembeni na upitishe shuka juu yake lisiguse mguu. Funga barafu kwenye kitambaa na uiweke juu ya uvimbe kwa dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha ngozi, na urudie mara kadhaa kwa siku. Mahali pasipo na friji, barafu ya paketi kutoka dukani inatosha, na ikikosekana, kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya mtungi kinasaidia kiasi.

Hapa desturi yetu inakwenda kinyume na kinachohitajika. Kwetu kiungo kikiuma hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa kwa mafuta, na mahali pengine huchanjwa na kupakwa dawa. Kwa jongo lililoamka, joto huongeza uvimbe, kuchua huchochea maumivu, na chale hufungua mlango kwa bakteria ambao hawakuwemo. Mama au shangazi akija na beseni la maji ya moto, mshukuru kwa upole na umwombe barafu.

Kunywa maji ya kutosha hadi mkojo uwe na rangi hafifu, isipokuwa kama daktari alishakupimia kiasi cha maji kwa sababu ya figo au moyo. Acha pombe kabisa mpaka maumivu yaishe.

Dawa ndizo zenye kazi kubwa, na kinachozipa nguvu ni kuwahi. Ziko za aina tatu, na unahitaji moja tu inayokufaa wewe.

Ya kwanza ni dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni, diklofenaki, naproksini au indomethasini. Mtu mzima mwenye figo nzima na tumbo lisilo na vidonda anaweza kumeza ibuprofeni ya miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, kwa siku chache mpaka maumivu yatulie. Usichanganye mbili za kundi hili. Ibuprofeni pamoja na sindano ya diklofenaki hazikuponyi mara mbili, zinaziumiza figo na tumbo mara mbili. Asiyepaswa kuzigusa bila daktari ni mwenye ugonjwa wa figo, vidonda vya tumbo, moyo kushindwa kufanya kazi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito.

Ya pili ni kolchisini. Hii ni ya jongo hasa, na hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya siku moja na nusu tangu maumivu yaanze. Utaratibu unaotumika sana sasa ni vidonge viwili vya miligramu 0.5 kwa pamoja, kingine kimoja baada ya saa moja, kisha unapumzika kwa saa 12 na kuendelea na kimoja mara moja au mbili kwa siku hadi maumivu yapungue. Zamani wagonjwa waliambiwa wameze kila saa hadi waharishe. Achana na ushauri huo. Kuharisha ni alama kwamba dawa imezidi, na kolchisini nyingi inaua. Mwenye figo dhaifu hupewa kiasi kidogo zaidi au hapewi, na aliye kwenye dozi ya klarithromaisini amwambie daktari, kwani dawa hizo mbili zikikutana kolchisini hujaa mwilini.

Ya tatu ni prednisoloni, kwa kawaida miligramu 30 hadi 35 kwa siku kwa siku 5. Huwafaa wale ambao figo au tumbo haviruhusu makundi mawili ya kwanza. Hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari aipime sukari yake kila siku, na haianzwi mpaka daktari ameondoa shaka ya bakteria kiungoni.

Parasetamoli hupunguza uchungu kidogo tu, lakini ni salama zaidi kwa anayesubiri kumwona daktari. Aspirini usiitumie kutuliza maumivu ya jongo, maana huvuruga namna figo zinavyotoa asidi ya yuriki. Ila kama unameza ile ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo, usiiache.

Dawa za kuua bakteria, zile kapsuli za rangi mbili ambazo baadhi ya maduka hutoa kwa kila uvimbe, hazifanyi lolote kwa jongo. Unga au vidonge vya asili visivyo na maelezo, ambavyo huondoa maumivu ya viungo kwa usiku mmoja, vitilie shaka. Bidhaa za aina hiyo zimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa zimetiwa kwa siri diklofenaki au dawa za jamii ya prednisoloni. Mtu huendelea kuzimeza kwa miezi bila kujua anachokimeza, hadi figo zinapolalamika.

Bila dawa yoyote, jongo hutulia lenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Ndiyo sababu kila kitu kinasifiwa kuwa kinaliponya.

Tumfuate mtu mmoja

Nimtunge mtu wa mfano, kwa kuwa njia yake ndiyo njia ya wengi. Ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, ana miaka 49 na kilo 94. Ana presha, na kwa miaka mitatu amekuwa akimeza haidroklorothiazaidi, dawa ya presha inayoongeza mkojo. Barabarani hunywa maji kidogo makusudi ili asisimame mara kwa mara, na kiu yake huikata kwa soda mbili au tatu kwa siku. Jumamosi alikuwa kwenye harusi ya mpwa wake Iringa: nyama choma, bia hadi usiku, na asubuhi supu ya maini ya kuzimua. Usiku wa Jumapili, saa tisa, dole gumba la kulia likamwamsha.

Jumatatu duka la dawa lilimchoma sindano ya diklofenaki na kumpa kapsuli za kuua bakteria. Alipata nafuu, kisha maumivu yakarudi jioni. Jumanne alikwenda zahanati, wakampima asidi ya yuriki ikatoka 6.4. Karatasi ya maabara ilisema kawaida ya mwanaume ni hadi 7, akaambiwa si jongo, ni uchovu.

Kipimo kile kilikuwa sahihi, tafsiri ndiyo iliyokosea. Wakati jongo limewaka, asidi kwenye damu mara nyingi hushuka, ikaonekana ya kawaida kwa mtu ambaye kiungo chake kimejaa fuwele. Kipimo cha kuaminika ni cha wiki mbili hadi nne baada ya maumivu kuisha. Dereva wetu alipopima tena baada ya wiki tatu, ilikuwa 8.9. Kumbuka pia kinyume chake: wapo watu wengi wenye asidi ya juu ambao hawatapata jongo maisha yao yote. Kwa hiyo namba peke yake haimpi mtu ugonjwa, wala haimwondolei. Baadhi ya maabara huandika kwa mikromoli kwa lita. Hapo 360 ni sawa na 6, na 530 inakaribia ile 8.9 yake.

Daktari aliyemwona mara hiyo alifanya mambo mawili ambayo ningependa kila mgonjwa wa jongo ayadai. Alimpima kreatinini ili kujua hali ya figo. Kisha akauliza, "Unameza dawa gani kila siku?" Haidroklorothiazaidi, bendrofluazidi na furosemidi huzifanya figo zishike asidi ya yuriki. Losatani, ambayo nayo ni ya presha, huisaidia kutoka, na amlodipini haileti shida hiyo. Akambadilishia. Wewe usiache dawa ya presha kwa hiari yako, maana kiharusi ni kibaya kuliko jongo. Beba pakiti zako zote uende nazo kliniki na uulize swali hilo moja: je, mojawapo ya hizi inapandisha asidi ya yuriki?

Sahani: cha kupunguza na cha kuacha kuogopa

Niseme mapema jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Kubadili chakula peke yake hushusha asidi ya yuriki kwa kiasi kidogo, kwa kawaida kama miligramu moja hivi. Dereva wetu wa 8.9 akila kwa uangalifu mkubwa atafika 8, na 8 bado iko juu ya 6.8. Chakula kina maana kwa sababu kinapunguza vichocheo vinavyoamsha jongo, na kwa sababu presha na kisukari huenda nalo pamoja. Lakini usijitese kwa njaa ukidhani ndiyo tiba.

Ningeanza na bia kabla ya nyama. Bia ina purini zake, na juu ya hapo kilevi chenyewe huongeza utengenezaji wa asidi na kuzizuia figo kuitoa. Pombe za kienyeji za nafaka na ndizi sioni sababu ya kuzitofautisha na bia katika hili. Pombe kali nazo huongeza hatari. Kinachoamsha jongo hasa ni kunywa nyingi kwa mkupuo, kama ilivyokuwa harusini, hasa ikiandamana na kukosa maji.

Kinachofuata ni nyama za ndani: maini, figo, bandama, moyo. Hizi zina purini nyingi kuliko nyama ya kawaida, na mwenye jongo ni bora aziache au azionje kwa nadra. Supu nayo isikudanganye kwa wepesi wake. Purini huyeyuka katika maji, kwa hiyo nyama iliyochemshwa muda mrefu imeziachia kwenye mchuzi, na bakuli la supu nzito limezibeba. Ukichemsha nyama, ukamwaga yale maji ya kwanza na kuunga upya, umepunguza sehemu yake.

Ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe hakuna haja ya kupigwa marufuku. Kipande cha ukubwa wa kiganja, kama gramu 100, mara mbili au tatu kwa wiki, kinavumilika kwa wengi. Shida ni nusu kilo ya mtu mmoja, na mishikaki inayofuatia.

Dagaa wanahitaji maneno ya peke yao. Samaki wadogo wanaoliwa wazima wana purini nyingi, na wakikaushwa, gramu kwa gramu zinakuwa nyingi zaidi. Lakini kwa nyumba nyingi dagaa ndiyo nyama yenyewe, kwa bei inayowezekana. Kumwambia mzee anayeishi kwa dagaa awaache bila kumwonyesha mbadala ni kumwongezea utapiamlo juu ya jongo. Ningemwambia aache wakati dole linawaka, kisha arudi kwa kiasi kidogo, siku chache kwa wiki, na siku nyingine ale maharage, mayai au maziwa. Kamba na samaki wengine wa baharini uwachukulie kama nyama, kwa kiasi.

Soda na juisi za sukari watu hawazihesabu kabisa, na nadhani hilo ndilo kosa kubwa linalofichika. Sukari ya matunda iliyomo ndani yake, mwili unapoivunja kwenye ini, hutengeneza asidi ya yuriki. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takribani gramu 35 hadi 40 za sukari. Dereva wetu aliyekunywa mbili au tatu kwa siku, akiacha nyama na kubaki na soda, hajafanya lolote la maana. Tunda zima si tatizo. Embe lile kama embe, usilikamue.

Sasa maharage. Sijui ni wagonjwa wangapi wameacha maharage, choroko, mchicha na uyoga kwa sababu karatasi fulani ilisema vina purini. Ni kweli vinazo. Lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, uliona kwamba nyama na vyakula vya baharini viliongeza hatari ya jongo, mboga zenye purini nyingi na protini za mimea hazikuiongeza, na maziwa yenye mafuta kidogo yaliipunguza. Rudisha maharage mezani. Mayai hayana purini za kutisha, mtindi na maziwa vinafaa, na kahawa isiyojaa sukari haina ubaya.

Tahadhari moja zaidi: kupunguza unene kunasaidia, lakini kwa taratibu. Kukaa na njaa siku nzima au kupoteza kilo nyingi kwa wiki chache hupandisha asidi na kuamsha jongo. Anayefunga, anywe maji mengi kati ya futari na daku, na kama jongo lake huamka mara kwa mara au figo zake ni dhaifu, aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Likirudi tena na tena

Jongo lililoamka mara moja tu maishani linaweza kuachwa, ukiangalia vichocheo. Likija mara mbili au zaidi kwa mwaka, au ukiwa na vinundu vigumu vyeupe chini ya ngozi ya vidole, kiwiko au sikio, au mawe ya figo, au figo dhaifu, umefika wakati wa dawa ya kushusha asidi kila siku. Inayotumika zaidi kwetu ni alopurinoli.

Huanza na miligramu 100 kwa siku, au 50 kwa mwenye figo dhaifu, kisha hupandishwa kidogo kidogo kila baada ya wiki chache huku damu ikipimwa, mpaka asidi ishuke chini ya 6. Mwenye vinundu hulengwa chini ya 5. Wengi huhitaji miligramu 300 au zaidi, na ndipo matibabu yanapoharibika: mtu hupewa 100, hapimwi tena, na miaka inapita asidi ikiwa 7.5 huku yeye akiamini yuko kwenye tiba.

Miezi ya kwanza jongo linaweza kuamka zaidi ya zamani, kwa ile sababu ya fuwele kulegea. Hapo wengi huitupa dawa wakisema imewadhuru. Ndiyo maana daktari huongeza kolchisini ndogo, miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Jongo likiamka ukiwa unameza alopurinoli, endelea nayo na utibu maumivu kando. Usiimeze tu siku ya maumivu kama dawa ya kutuliza, kwa sababu haitulizi.

Kitu kimoja tu ndicho cha kukufanya uiache papo hapo: upele. Ngozi ikitoka vipele au malengelenge, midomo au macho yakiwasha na kuwa na vidonda, hasa pamoja na homa katika wiki za mwanzo, acha dawa siku hiyo hiyo na uende hospitali. Ni mara chache kutokea, lakini mwili ukiikataa alopurinoli namna hiyo mtu anaweza kufa.

Dereva wetu alianza na 100, akapandishwa hadi 300 ndani ya miezi mitatu. Mwezi wa pili dole liliamka tena kwa siku nne, akatumia kolchisini aliyokuwa ameandikiwa na kuiweka ndani ya lori pamoja na karatasi ya maelekezo, asije akaitafuta Makambako usiku wa manane. Soda ameacha, chupa ya maji ya lita moja na nusu imekaa pembeni ya gia, na kwenye harusi anakunywa bia moja na kula nyama kiasi cha kiganja. Kipimo chake cha mwezi wa sita kilikuwa 5.6. Atapima tena baada ya miezi sita, na ataendelea na dawa hata dole likiwa kimya.